Kwa Nini Sifa na Tusi Hubadilishana Nguo

Biiiiingwaaa.

Ndivyo sauti ilivyokuja usiku ule kutoka mashambani, ndefu kama mtu anayeburuta gogo, na Semeni aliyekuwa macho akimnyonyesha mwanawe akaacha hata kupumua. Haikuwa sauti ya mnyama wala ya mtu aliyepatwa na shida. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, Mashavu, tena neno lenyewe lilikuwa zuri, sifa kubwa kuliko zote. Ila baada ya neno kicheko kikazuka mashamba yote, kimeanzia huku kimepokelewa kule, na hicho kicheko ndicho kilichomtia Semeni baridi. Tangu lini mtu akisifiwa watu wanacheka?

Maana siku hizo, mjue, maneno yalikuwa na uso mmoja. Huko Lukungulu, kijiji kilichokuwa kwenye mteremko juu ya mashamba ya mtama, sifa ilikuwa sifa iwe imesemwa asubuhi au jioni, kwa sauti nene au nyembamba, na tusi lilikuwa tusi hata ukilisema huku unatabasamu. Mtu akikuambia umependeza, basi umependeza, unashukuru, unakwenda zako. Hakuna aliyemtazama msemaji machoni ili ajue anakusudia nini. Ya nini kumtazama, na ameshasema?

Na kwa kuwa neno lilikuwa ndilo lenyewe, watu waliyaogopa matusi kama moto. Aliyemtukana mwenzake alibebeshwa kinu kichwani, akazungushwa nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na msimu huo ngoma haichezi, anaitazama kwa mbali. Kwa hiyo maneno mabaya, mjinga, kichaa, hatari, balaa, yalikaa tu bila kuguswa, kama visu vilivyochomekwa darini. Kila mtu alijua yapo na hakuna aliyeyashusha.

Sasa, mtama ukianza kubeba, vijana wa Lukungulu walilala mashambani. Walijenga madungu, vile vichanja vya miti mirefu, wakapanda juu na kukesha wakifukuza nguruwe mwitu. Watoto hawakuruhusiwa huko, na watu wazima walikuwa wamechoka. Dungu moja lilikuwa mbali na jingine, huonani na mwenzako, unamsikia tu, kwa hiyo usiku kucha walipigiana kelele wasisinzie. Semeni mwenyewe alikuwa huko mpaka juzijuzi tu, kabla hajaolewa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na mashamba, na kila mtoto alipomwamsha kunyonya aliyasikia yote, na alivyokuwa mtu wa hofu, mtoto wa kwanza, kila kitu kinamshtua, aliyasikiliza yote.

Kesho yake asubuhi akapata habari. Kulikuwa na kijana anaitwa Kondo, mpole, mikono mirefu, usingizi mwingi. Alikuwa amelala kwenye dungu lake, nguruwe wakaja, wakala, wakashiba, wakajilaza palepale chini yake, na yeye anakoroma nao. Vijana wote walijua. Usiku uliofuata, ndio ule wa sauti, Mashavu akataka kumwambia anachostahili, lakini angesema mjinga angebeba kinu. Ndipo akalichukua lile neno la juu kabisa akamrushia, ila akalivuta, akalirefusha, bingwa, tena kwa mtu ambaye kila aliyesikia alijua si bingwa wa lolote. Lile neno halikulingana na jambo lenyewe. Na pale katikati, kwenye ule mwanya baina ya neno na ukweli, ndipo kicheko kilipoota.

Kondo hakukubali. Alikwenda kwa Mzee Kibwana, mkubwa wa kijiji, mwenye ndevu ndefu alizozichana kila asubuhi, akasema, "Babu, Mashavu amenitukana."

"Amekuitaje?"

"Bingwa."

Mzee Kibwana akamtazama kijana, akaangalia pembeni, akamtazama tena. "Hebu rudia."

"Bingwa, babu. Lakini hakusema hivyo, alisema biiingwaaa."

"Sasa hapo si ndio amekusifu zaidi. Nenda kamshukuru."

Mashavu alipoitwa alipiga magoti kwa adabu zote. "Shikamoo babu. Mimi nimemsifu tu mwenzangu, sijui kimemuuma nini." Na hapakuwa na kinu cha kumbebesha, maana hakuna sheria inayokataza kusifu. Vijana wote waliosimama pale waliliona hilo, na mlango ukawa umefunguliwa. Kumbe unaweza kumchoma mtu kwa neno zuri, akilia aonekane yeye ndiye haelewi, na wewe ukaondoka na mikono misafi.

Basi wakaanza. Aliyemwaga uji, biiingwa. Aliyeanguka kwenye ngazi ya dungu, biiingwa. Mwanzoni walilivuta sana na kuzungusha macho, ili hata mzito wa kichwa aelewe. Lakini neno likivutwa kila siku linalegea, kama shingo ya fulana. Kila lilipotajwa lilitajwa juu ya mtu aliyeharibu, na masikio yakazoea kulisikia pamoja na madudu yaliyoharibika, mpaka ikafika siku hakuna haja ya kulivuta wala kuzungusha macho. Ukisema bingwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kijana anajikagua amekosea wapi. Neno lilikuwa limevuka mto zima zima, na wazazi walikuwa bado wanaliona ng'ambo ya huku.

Hapo ndipo taabu za Semeni zilipoanza.

Siku moja mtoto alikuwa amelia tangu jua linachomoza, Semeni hajaoga, hajala. Mashavu akaja, akampokea mtoto, akamwimbia, akamzungusha uani, mtoto akalala fofofo. Semeni moyo ukamjaa. Akasema kutoka ndani kabisa, "Mdogo wangu, wewe bingwa kweli."

Mashavu akasimama. Akamlaza mtoto taratibu, akaivua ile kanga ya kubebea, akaiweka mkekani. "Nimekukosea nini, dada?"

"Umenikosea? Nimekusifu."

"Hivyo hivyo," akasema Mashavu. "Ndivyo wanavyosema wote." Akaondoka, na hakurudi siku ile wala iliyofuata. Semeni alikuwa akidhani neno huchoma likivutwa tu. Ilimchukua usiku mzima wa kusikiliza madungu ndipo akaelewa alichomwambia mdogo wake, na alipoelewa akajiona mzee ghafla, yeye ambaye mikono yake bado ilikuwa na sugu za ngazi ya dungu. Angekwenda kumweleza, lakini angemweleza kwa neno gani? Angesema hapana, wewe ni hodari, hodari nalo lilikuwa limeshaburutwa. Wewe mwerevu, ndiyo kabisa. Maneno mazuri ya vijana yalikuwa yamechakaa moja baada ya jingine.

Na siku ya kumtoa mtoto nje ilikuwa inakaribia.

Hii ilikuwa desturi kubwa ya Lukungulu. Mtoto akishapata nguvu shingoni analetwa uwanjani, wazee wanamshika mmoja mmoja, halafu vijana wa madungu, kwa kuwa ndio walinzi wa mtama na mtoto ataula mtama huo, wanampa neno. Moja tu. Msemaji wao analitamka na mama analiitikia kwa kulirudia. Mama akiitikia, neno limefungwa, mtoto atalivaa maisha yake yote na neno litamvaa yeye. Mama asipoitikia, neno limeanguka, na aliyelitamka amemkosea mtoto mchanga, kosa ambalo kinu hakilitoshi. Huyo alihamishwa, akapelekwa kwa wajomba nyuma ya milima, na hakurudi mpaka mtoto aliyemkosea awe na uwezo wa kutamka kwa kinywa chake kwamba amemsamehe. Na msemaji wa vijana mwaka ule alikuwa Mashavu.

Unaona basi hali ya huyu mama. Mtoto akipewa neno la zamani, tuseme bingwa, wazee watafurahi, na mwanawe atakua akichekwa na kila rika linalokuja. Mashavu akiamua kulipiza kisasi, atasema neno lolote tamu kwa lile vuto lake, na nani atamshitaki? Semeni alimpakata mwanawe gizani, akimnong'oneza, usilie, usilie, na anayelia ni yeye.

Lakini usiku huo huo akasikia kitu kipya.

Kundi zima la nguruwe lilikuwa limeingia upande wa chini, dume mbele lenye meno nje, na kila kijana alibaki juu ya dungu lake akipiga makelele ya kujipa moyo. Aliyeshuka alikuwa Kondo, yule yule mlalaji. Alijivika kibuyu kikubwa kichwani chenye matundu ya macho, akatia kaa la moto ndani ya kibuyu kingine, akapuliza mpaka mwanga ukaonekana madungu yote na mlangoni kwa Semeni, akakishika tumboni, akatembea kuwaelekea akiguruma. Nguruwe waliona jitu lenye kichwa cha mviringo na tumbo linalowaka, wakatimua mbio mpaka wakavunja uzio wa upande wa pili. Vijana wote walikuwa wamejaa sifa midomoni na hawakuwa na neno la kuzitilia. Wamwite bingwa? Ndilo walilomwita alipokoroma. Kila chombo walichokishika kilikuwa kimeoza.

Ndipo Semeni akamsikia Mashavu. Neno lilikuwa fupi na zito, halikuvutwa hata kidogo.

"Kondo. Wewe balaa."

Semeni akashika mdomo. Balaa? Neno la darini, neno la kinu? Akangoja Kondo ajibu kwa hasira, akangoja miguu ya mtu anayekimbilia kwa Mzee Kibwana. Badala yake akamsikia Kondo anacheka, kicheko cha mtu aliyevikwa taji, na dungu la pili likaitikia, "Balaa," na la tatu, "Balaa huyo," mpaka mashamba yote yakavuma.

Akakaa akiwaza, mtoto begani. Na kwa kuwa alikuwa na hofu, aliwaza vizuri, maana hofu haikuachii ulale. Akaona kwamba yale maneno mabaya, kwa kuwa hayakutumika, hayakuwa yamechakaa, yalikuwa bado na makali yake, na kitu kikubwa kinataka neno kali. Akaona kwamba wote walikuwa wamemwona Kondo akitembea na moto tumboni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudhani anatukanwa, jambo lenyewe lilikuwa limeshalisafisha neno. Na akaona kubwa kuliko yote, kwamba Mashavu alikuwa amehatarisha kichwa chake. Kondo angetaka angekwenda kushitaki na Mashavu angebeba kinu. Kumwambia mtu neno hilo ilikuwa ni kumwambia, najua hutanishitaki, wewe ni wangu. Tusi limegeuka kuwa mkono ulionyooshwa.

Akalala akiwa na nafuu kidogo. Kidogo tu, maana kulipokucha akawaza tena, na neno jipya nalo si linaweza kuburutwa?

Siku ikafika. Uwanja umefagiwa, wazee wamekaa, akina mama wamejifunga vizuri. Mbele alikaa Bibi Sikujua, mkubwa wa wanawake wote, aliyewatoa watoto wengi uwanjani hapo akiwemo Mzee Kibwana mwenyewe, na hakuacha kumkumbusha. Mashavu alisimama mbele ya vijana, uso mkavu, hamtazami dada yake. Semeni mikono inamtoka jasho, mtoto anateleza.

Mtoto akapita mikono ya wazee bila neno, ametulia kama maji ya mtungini, mpaka akafika kwa Mzee Kibwana. Mzee akamwinua juu, akafungua kinywa aanze dua ndefu, na mtoto akaunyoosha mkono akazishika zile ndevu. Akazishika kweli. Mzee akavuta kichwa nyuma, mtoto akaja nazo. Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mwambieni aachie," akasema kwa pembe ya mdomo. Akina mama wawili wakaja kumfungua vidole, wakifungua hiki kinajifunga kile, na mtoto anamtazama mzee usoni, halii, hapepesi. Uwanja mzima ukawa unauma midomo. Alipoachia, aliachia kwa hiari yake, na nywele mbili za ndevu akabaki nazo.

"Neno," akasema Mzee Kibwana, macho yamejaa maji. "Mpeni neno lake upesi."

Mashavu akamtazama mtoto.

"Balaa," akasema.

Mwanamke mmoja akaziba masikio ya mwanawe. Mzee Kibwana aliinuka nusu, fimbo mkononi, na Bibi Sikujua akamshika nguo akamketisha. "Kaa. Mama hajaitikia."

Macho yote yakamgeukia Semeni. Na hapo ndipo palikuwa na kila kitu, kwa sababu akikaa kimya Mashavu jioni hiyo hiyo anapelekwa nyuma ya milima, na akiitikia amemvika mwanawe balaa kwa kinywa chake, mbele ya watu, hakuna kulirudisha. Na neno lenyewe je, limesemwa kwa upande upi? Wamegombana. Mashavu ana sababu.

Semeni akafanya jambo ambalo mama yake na bibi yake hawakuwahi kulihitaji. Akaacha kulisikiliza neno akamsikiliza msemaji. Neno lilikuwa fupi, halikuburutwa. Macho ya Mashavu hayakuzunguka, yalikuwa yametulia juu ya mtoto, na kona ya mdomo ilikuwa inatetemeka kama yake mwenyewe. Nyuma yake vijana hawakucheka. Na jambo lenyewe? Mtoto asiyeweza hata kukaa amemshika mkubwa wa kijiji kwa ndevu na amechagua mwenyewe wakati wa kumwachia. Neno na jambo vililingana, hapakuwa na mwanya wa kicheko kuota. Kisha akaona la mwisho, kwamba mdogo wake amesimama pale akiiweka miaka yake, na ngoma zake, na nyumbani kwao, mkononi mwa dada aliyemuudhi. Neno la namna hiyo humwambii mtu usiyemwamini.

"Balaa," akaitikia Semeni. Alilisema kama wa madungu, fupi, na kidevu juu.

Vijana wakalipuka. Walirukaruka, wakagongana mabega, Kondo akamnyanyua Mashavu, na Mashavu akaanza kulia na kucheka. Wazee walibaki wamekaa kama watu walioletewa chakula cha nyumba nyingine. Lakini sheria ilikuwa sheria, neno likiitikiwa limefungwa, hakuna kosa. Mzee Kibwana akasimama, akajishika ndevu zilizobaki, akasema shughuli imekwisha.

Jioni Bibi Sikujua akaja kwa Semeni peke yake, akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi nimewatoa watoto tangu wewe hujafikiriwa. Leo nimeona mama anashangilia mwanawe kuitwa balaa. Nieleze, au niwaite waganga?"

Semeni akaogopa. Ila bibi alikuwa bibi, huwezi kumfukuza na huwezi kumdanganya, ndipo akamwapisha kwanza asimwambie mtu mwingine, na bibi akaapa vizuri, mkono kifuani. Semeni akamwaga yote kwa pumzi moja, usingizi wa Kondo, na bingwa kuburutwa mpaka kuchakaa, na nguruwe, na visu vya darini kushushwa.

Bibi akasikiliza kichwa kimeinama. "Kwa hiyo leo asubuhi nilipomwambia yule mjukuu wangu aliyechanja kuni kwamba ni bingwa..."

"Ulimtukana, bibi."

"Ndiyo maana akazitupa kuni." Akafikiri. "Na wewe ulijuaje kwamba Mashavu hakukutukana?"

"Nilimtazama. Hilo ndilo jipya, bibi. Siku hizi neno peke yake halitoshi, lazima umtazame mtu, na ujue wewe na yeye mnajua nini, na nini kimetokea sasa hivi mbele yenu wote. Usipojua hayo utalishika neno kwa upande wa makali."

"Simwambii mtu mwingine," akasema Bibi Sikujua, na usiku huo aliondoka akiwa amekusudia hivyo kabisa, nafsi yake inamshuhudia.

Lakini asubuhi kwenye kusaga, jirani yake akamwonjesha uji wa mtama mpya, uliochachuka vizuri, na neno likamtoka tu bibi wa watu. "Uji wako balaa." Jirani alitaka kulia, ikabidi aelezwe. Yule akamweleza mumewe. Haikupita muda Mzee Kibwana akawa anamsifia mbuzi wake sokoni, mbuzi balaa, babake alikuwa balaa, na akimwona mtoto wa Semeni anakishika kidevu chake kwa mkono mmoja kuzikinga ndevu na kusema kwa fahari, "Balaa wetu huyo."

Mashavu alipomsikia alisimama kama mtu aliyemkuta babu yake amevaa nguo yake ya ngoma. Usiku ule, kutoka madungu, Semeni akasikia, "Uji wako balaaaaa," na kicheko. Akajua neno limeanza kuburutwa. Wazee walikuwa wameingia ndani ya neno, na vijana walikuwa wanatoka kwa mlango wa nyuma, wameshabeba jingine.

Mashavu alikuja kesho yake, akampakata mpwa wake, akamtazama dada yake kwa muda. "Ulimwambia nani?"

"Bibi Sikujua. Aliapa."

"Dada."

"Alikuwa ameapa, Mashavu."

"Dada, wewe ni mtu mzima sasa," akasema Mashavu kwa huruma kama anamweleza amefiwa. Lakini hakwenda zake. Alimwimbia mtoto, akamzungusha uani, na alipokwisha kulala akaja akamwinamia dada yake sikioni, akamnong'oneza neno jipya, walilolianza jana tu, neno baya sana, la kutisha, na sasa lilimaanisha mtu unayempenda ingawa anakuaibisha. Semeni akashika kifua. Kisha akacheka mpaka akaketi chini.

Na tangu siku hiyo maneno hayajatulia tena. Tangu siku hiyo sifa na tusi hubadilishana nguo, na wanaowavalisha ni vijana, kwa sababu wao ndio wenye haja ya kuchoma bila kushitakiwa na kupenda bila kuonekana. Ndiyo maana leo mwanao akikuambia ngoma ile ilikuwa hatari, usimzuie kwenda, anakuambia ilikuwa nzuri. Chakula kikiwa noma, kula. Akikuambia taratibu, mama, una akiiili wewe, nenda kaangalie chungu kinaungua. Na ukilijifunza neno lao ukalisema vizuri kabisa, kwa matamshi yote, utaona wanatazamana, na jioni neno hilo ni maiti. Si maneno yote huvuka mto, mengine huishia katikati yakiwa na nyuso mbili, na mengine wazee huyashikilia mpaka mwisho. Mzee Kibwana mwenyewe alifariki akiwaita watu mabingwa kwa moyo mweupe, na kila kijana aliyeitwa hivyo naye alifurahi, maana walijua anayesema ni nani. Mtoto wa Semeni aliitwa Balaa maisha yake yote. Jina lake liligeuka likageuka tena na tena, nzuri msimu huu, baya msimu ule, na yeye hakujali, alijua lilivyosemwa siku ya kwanza.

Na tangu siku hiyo pia, anayepewa neno jipya huapishwa. Jioni ya siku ile Mashavu aliponong'ona, Bibi Sikujua alikuwa mlangoni kwa Semeni, kabla ya giza, ameleta uji kama kisingizio. Alikuwa amesikia wanacheka.

"Siwezi, bibi. Uliapa, ukasema."

"Nitaapa tena." Bibi akaketi, akarekebisha kanga, akaweka mkono kifuani kwa heshima zote. Kisha macho yake yakapanda taratibu mpaka darini, yakazunguka, na kona ya mdomo ikatetemeka.

"Siiimwambiiiii mtu mwingineee," akasema Bibi Sikujua.

Semeni akamtazama, kama alivyojifunza kutazama. Akamsogelea sikioni, akamwambia.